King'ora cha Gari la Dada

Fundi umeme wa magari aliingia kwenye ua wa nyumba aliyopanga dada yake akiwa amenuna tangu getini. Ilikuwa mara ya tatu kuitwa kwa sababu ya king'ora kile kile. Alikifunga mwenyewe, tena bure, kwa kuwa dada ni dada, na sasa kilikuwa kimemganda kama kupe.

"Umefika, bingwa," dada mtu alisema, mikono kiunoni. "Limelia tena. Limelia bila kuguswa hata na nzi."

"Si nilikipunguza ukali?"

"Ulipunguza nini? Labda hamu yangu ya kula."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani juu, singlendi na msuli, na hakungoja kusalimiwa. Alisema amechoka. Likilia tena, gari litoke nje ya geti, likalale barabarani na mengine yasiyo na wenyewe. Dada akanywea. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na cherehani yake ya kudarizi, anayozunguka nayo kwa wateja. Alikaa ghorofa ya nne na mgongo wake haukutaka mchezo, kwa hiyo cherehani ililala garini. Kulala barabarani maana yake ni kuamka bila cherehani.

Fundi akajipenyeza chini ya dashibodi, shingo imepinda, jasho likimwingia machoni. Kile kidude cha kuhisi mtikisiko kilikuwa palepale alipokibana kwenye chuma cha usukani, kigumu, hakichezi. Skrubu yake ndogo ya kupandisha na kushusha ukali alikuwa ameshaishusha mara mbili. Safari hii aliizungusha hadi mwisho, kwa hasira, mpaka bisibisi ikagoma. Akafunga milango kwa rimoti, akasubiri king'ora kitulie na kuanza kulinda, kisha akapiga teke tairi. Kimya. Akapiga kioo kwa kiganja. Kimya. Kidude kilikuwa kiziwi kabisa.

Hapo lori likapita nje ya ukuta, upepo wake ukapuliza ua mzima, na gari likaanza kulia.

"Ndiyo ya mwisho hiyo!" mwenye nyumba alifoka.

Fundi alizima, akatamani kulipiga nyundo. Halafu akili ikamrudia, na aibu nayo ikaja juu yake. Kama kidude ni kiziwi na gari bado linalia, basi anayekiliza king'ora si kidude. Mara zote tatu alikuwa akimbana asiye na kosa. Akashika ukingo wa boneti, akauinua kidogo. Ulicheza. Boneti ile ilibadilishwa baada ya dada kugonga nguzo, na haikukaa sawa. Ikipata upepo inanyanyuka, na swichi iliyo chini yake, inayotakiwa kubanwa muda wote, inaachia. Mfumo unadhani mtu amefungua boneti.

Aliisugua ile swichi kuitoa kutu, akaipandisha kwa kuweka pete mbili za chuma chini ya kishikizo chake, akashusha komeo la boneti ili ibane. Akafunga tena milango, akasubiri, akaitikisa boneti kwa mikono miwili. Kimya. Akacheka peke yake.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika chache: kuipandisha skrubu kidogo kidogo, kupiga kioo, kusikiliza. Ukigonga taratibu kitoe mlio mfupi wa kuonya; ukigonga kwa nguvu kilie kwa sauti yake yote. Lakini kilie kwa sauti yote hapa, mbele ya yule mwenye msuli barazani? Angeweza kulitoa gari hadi barabarani akalipimie huko. Alijua hivyo vizuri kabisa. Ila shingo ilimuuma, njaa ilimuuma, na hakutaka kukisikia king'ora kile hata mara moja zaidi.

"Umemaliza?" dada aliuliza.

"Nimemaliza."

"Na mwizi akija?"

"Dada, nimesema nimemaliza."

Dada akampa chakula cha kubeba na kumsifu kwa sauti, mwenye nyumba asikie.

Kesho yake asubuhi simu iliita akiwa chini ya gari la mtu mwingine. Alijua ni dada, akadhani anataka kushukuru. Alipofika alimkuta amekaa kwenye ngazi, kanga begani, bila machozi. Vipande vya kioo vilikuwa vimetapakaa kwenye kiti cha nyuma. Milango ilikuwa bado imefungwa. Aliyekuja aliruka ukuta, akavunja kioo, akaivuta cherehani kwa dirishani.

"Sijui walifanyaje," dada alisema. "Hakuna aliyesikia kitu. Hata mwenye nyumba ameniambia jana amelala vizuri." Akamtazama. "Wamekiharibu king'ora, eti? Hebu kiangalie, mdogo wangu. Wewe ndiye unayekijua."

Fundi aliingia garini, akainama chini ya dashibodi, akaikuta skrubu palepale alipoiacha, imeshushwa hadi mwisho.