Karatasi Nyekundu ya Mbarak

Haki ya Mungu, mwanangu, na nikidanganya radi inipige hapa hapa kwa kaunta yako: haya ninayokuambia yalitokea hapa Runyenjes, miaka ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau.

Mwenye duka alikuwa Mbarak. Leso aliuza bei sawa na wenzake, lakini ukitaka ifungwe kwa karatasi nyekundu na utepe, uliongeza thumni.

Siku moja Cicily akaja kununulia mamake mgonjwa leso. "Nifungie vizuri, Mzee Mbarak. Mama hajawahi kupewa kitu kimefungwa."

"Thumni."

"Sina. Si unifungie tu?"

"Karatasi naagiza Nairobi. Nikikupa wewe bure, anayenunua chumvi ndiye atalipa. Beba hivyo hivyo."

Akabeba hivyo hivyo. Kwenye geti la kijiji, pale kwa handaki la miiba, homugadi, askari mlinzi wa serikali ya mkoloni, akaona ua zuri la leso, akaitamani, akaichukua. Usiku huo mama akafa mikono mitupu.

Asubuhi Mbarak akafungua duka. Leso ile ilikuwa juu ya kaunta, imelowa umande, ina tope la handaki. Kufuli halijaguswa. Akaitupa. Kesho yake ikarudi. Akaichoma! Ikarudi, inanuka moshi.

Basi akakata karatasi nyekundu, akaifungia leso ndani pembe kwa pembe, akatia utepe, akaiacha pale bila kutaja bei. Akalala nyuma ya duka. Gizani akasikia karatasi: kwacha, kwacha, taratibu, kama mtu mwenye vidole vizee asiyetaka kuichana. Kulipokucha leso haikuwepo. Karatasi ilikuwa imekunjwa, imewekwa kando, na haikuwa na mkwaruzo.

Tangu hapo hakumtoza mtu kufunga zawadi. Wala wa ukoo wake hathubutu.

Hadithi ilipoisha, nikasukuma mbele blanketi la harusi ya mjukuu wangu. Mfukoni nilikuwa na noti moja tu ya hamsini, nauli ya boda hadi Karurumo, na kufunga ni hamsini.

Mwanabibi, mwenye duka, alikuwa ameshika mkasi, hakati.

"Mzee, jina Mbarak umelitoa wapi?"

"Nani asiyemjua?"

"Si umelisoma kwa kibao hapo nje? Mbarak ni babu yangu. Maisha yake yote hakuuza leso hata moja. Alikuwa na bucha."

Nikakohoa.

"Na kufunga alifunga bure, hilo kweli. Kwa gazeti." Akachomoa moja chini ya kaunta, akalitandaza. "Hata mimi, gazeti sitozi. Karatasi ya maua, utepe na mkono wangu, hamsini. Mjukuu aletewe ipi?"

Nikaweka noti kaunta.

Nilitembea hadi Karurumo, mzigo kwapani, jua linazama. Pale kwenye mashamba ya kahawa karatasi ikaanza: kwacha, kwacha. Nikasimama. Ikaendelea.

Sikuthubutu kuangalia kwapani.