Elfu Thelathini na Mbili wa Kinamasini

Wilaya ya zamani ilikuwa na watu elfu arobaini, na sasa ilikuwa imekatwa vipande viwili. Mtakwimu alipima ramani. Kipande cha mashariki kilikuwa asilimia ishirini ya eneo, kwa hiyo kompyuta ikakipa asilimia ishirini ya watu, yaani elfu nane. Ili kijengewe wodi ya wazazi, kilihitaji watu elfu kumi na tano.

"Bosi, magharibi ni kinamasi kitupu," alimwambia mkuu wake. "Watu wamejazana mashariki. Hesabu hii inawatandaza sawasawa kama maharagwe ya kuanikwa."

"Unazo hesabu za kijiji kwa kijiji?"

"Ziliungua na stoo."

"Basi mama, vyura wako wamefika elfu thelathini na mbili." Hakucheka. "Mwongozo unasema tugawe kwa eneo. Tuma."

Akatuma. Simu ikaita. Alikuwa dada yake, mkunga wa huko mashariki.

"Mdogo wangu, wodi tumepata? Jana nimezalisha wawili kwenye benchi moja."

"Dada, kwenye karatasi hampo."

Dada akacheka, akidhani anataniwa. Mtakwimu alimwacha acheke.