Chupa Mbili za Susu Kalunde

“Juisi yangu,” alisema Mutunga, “hata mkiizika leo mkaifukua Krismasi, itawasalimia kwa jina.”

Alisema hivyo jikoni kwa nyanya yake, kisu mkononi, ganda la chungwa likimning’inia kidoleni kama hereni. Hapo Mutunga alikuwa amemaliza fomu foo, matokeo hayajatoka, na kijana anayengoja matokeo ni mtu wa kuogopwa: anajua kila kitu na hakuna aliyemwambia bado kwamba hajui. Mama yake, Ndinda, alicheka. Nyanya yake, Susu Kalunde, hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, blanketi mabegani, anakamua machungwa mwenyewe kwa mikono miwili iliyobaki mifupa.

“Mimi Krismasi siitaki,” alisema. “Nataka Jumapili.”

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma, mjukuu wake wa kike alipotolewa mahari, wazee wa upande wa pili walidai uki, ile pombe ya asili ya Wakamba, na mumewe Susu akasema haiwezekani wageni wanywe chai kama wako hospitalini. Susu aliutengeneza. Aliutengeneza vizuri pia, na hilo ndilo lililoenea Mukuyuni nzima. Kanisa likamtenga na meza ya Bwana, akapewa benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliopata mimba na mwalimu mmoja aliyeoa mara mbili. Mumewe alikufa, yeye akabaki kwenye benchi. Sasa tumbo lilikuwa limevimba, daktari wa Machakos amesema arudishwe nyumbani, na kila mtu alielewa maana yake.

Mchungaji alikuwa na makanisa mengi na baiskeli moja. Angefika Jumapili. Na mzee wa kanisa, Musyoka, mtu asiyetabasamu hata akipigwa picha, ndiye aliyetoa sharti: Susu atarudishwa mezani nyumbani kwake, kitandani, lakini kinywaji cha meza akitengeneze yeye mwenyewe, kwa machungwa ya shamba lake. Mikono iliyotengeneza uki ndiyo itengeneze kitu safi. Watu waone.

Susu hakuona ubaya wa sharti. Alilipenda. Ila ilikuwa Jumanne, na alijua nguvu zake kuliko daktari.

“Leo naweza,” alisema. “Jumapili sijui.”

Kikombe cha kwanza alichokamua asubuhi kilikuwa kimekaa dirishani, na mchana kilikuwa kimegawanyika: juu maji ya njano, chini matope. Alikitazama kwa hofu.

“Imeoza tayari.”

“Bado, susu.” Mutunga akakitikisa, juisi ikarudi kuwa moja. “Ndani ya chungwa kuna kitu kinachokatakata ule utando unaoshikilia nyama juu. Ukishakatwa, nyama inazama. Hiyo ni kutengana tu. Kuchacha ni kitu kingine. Hamira iko kila mahali, kwenye ganda, kwenye hewa, kwenye vidole vyako. Inaingia, inakula sukari, inatoa hewa na pombe.”

“Kwenye vidole vyangu?”

“Vya kila mtu, susu. Hata vya Musyoka.”

Hapo ndipo Susu alipocheka, akakohoa, Ndinda akamshika mgongo.

“Moto unaua vyote viwili,” Mutunga aliendelea, maana alikuwa amepata wasikilizaji. “Kile kinachokata na hamira. Lakini isitokote, ikitokota inapata ladha ya kupikwa.”

Na lazima isemwe, kazi aliifanya sawasawa. Aliichuja juisi kwa kitambaa kilichochemshwa. Akaweka sufuria motoni, akakoroga polepole hadi mvuke ukaanza kutoka na viputo vikaanza kupanda pembeni, akaishikilia hapo kidogo bila kuiacha ichemke. Chupa mbili za kioo zilizokuwa za squash, ile sharubati ya dukani, zenye vifuniko vya kuzungusha, zilikuwa zikitokota kwenye maji upande wa pili, vifuniko navyo. Akajaza juisi ikiwa ya moto hadi shingoni, akafunga, akazilaza ubavu ili juisi ya moto iguse hata kifuniko.

“Chombo kichafu,” aliwaambia kama mwalimu wa kemia, “ni sawa na kufukuza mwizi sebuleni na mwenzake yuko chini ya kitanda.”

Kisha akaisimamisha chupa ya kwanza kwenye sakafu ya simiti, iliyokuwa baridi. Ikalia mara moja tu. Kitako kikabaki sakafuni na juisi ikaenda zake mlangoni.

Susu alitazama juisi ikinywewa na vumbi la kizingiti.

“Moja inatosha,” alisema. “Ni kikombe kimoja kwa kila mtu, hata si kikombe. Ile nyingine iweke juu ya kitambaa.”

Chupa ya pili ikapoa juu ya gunia, ikawekwa kabatini, gizani. Kuanzia kesho yake Susu hakuinuka tena kuketi. Lakini kila asubuhi aliuliza, “Imegawanyika?” na Mutunga akaileta kitandani. Haikuwa imegawanyika. Rangi moja juu hadi chini. Susu aliigusa kwa kidole kioo, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akalala tena.

Mutunga angeweza kuiacha hapo. Lakini Ijumaa ilikuwa siku ya soko, na vijana wenzake walikuwa wamesikia habari za chupa iliyopasuka. Kilonzo, waliyesoma naye, alimkuta njiani.

“Profesa, tumesikia juisi yako imekimbia nyumbani.”

“Moja ilikimbia. Nyingine iko, na mpaka leo ni kama imekamuliwa sasa hivi.”

“Ya mdomo hiyo.”

Mtu mwingine angepita. Mutunga alirudi nyumbani, akaichukua chupa, akaifunga kwa sweta, akaenda nayo sokoni. Alikuwa na nia ya kuwaonyesha tu. Waliingia dukani kwa Yakub, ambaye babu zake walitoka pwani na yeye alizaliwa papo hapo akauza sukari na mafuta ya taa maisha yake yote. Juu ya kaunta ya Yakub chupa ilipigwa na mwanga, ikang’aa.

“Kuona si kuonja,” alisema Kilonzo.

Kifuniko kilipozunguka kilitoa sauti ndogo ya kuvuta hewa, sauti nzuri, sauti ya mtu aliyesema kweli. Yakub alimiminiwa kwanza kwa heshima ya umri. Akaonja, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha vijana. Kila mmoja alitaka tone moja tu la ushahidi, na matone yakawa mafunda, na mafunda yakawa mengi. Ilipofika mwisho hata chupa yenyewe ilikuwa imeondoka na mtu.

Njiani kurudi hakupiga mluzi.

Kwenye michungwa ya Susu yalibaki machungwa machache, madogo, yale waliyoyakataa ndege. Aliyakamua mwenyewe, jikoni, mama yake akiwa mtoni. Aliichuja, akaipasha moto vilevile, bila kosa. Lakini chupa hakuna, na kwenda kuomba chupa kwa jirani ni kuulizwa maswali. Ghalani, kwenye boriti, kilining’inia kibuyu cha babu yake. Alikijua cha nini. Alikisuuza kwa maji ya moto mara mbili, akanusa: moshi na vumbi. Kukichemsha hakuthubutu, kingepasuka. Akangoja juisi ipoe kwa sababu hiyohiyo, akamimina, akakiziba kwa gunzi.

Alijua. Hilo ndilo baya. Kibuyu kina vitundu visivyohesabika, na ndani yake kulikuwa kumelala uki wa miaka. Wazee walikuwa wakikausha vipande vya tunda la mti wa mwatini na kuviweka akiba, vianzishe pombe mpya, maana kilichokauka hakijafa. Alijua, akajiambia ni siku moja na nusu tu.

“Na chupa?” Ndinda aliuliza Jumamosi, alipotumwa na Susu kuileta akakuta kabati tupu.

“Ilipasuka pia, mama. Nilipoigeuza. Lakini juisi niliiwahi, nikaitia kibuyuni.”

“Ile ya susu?”

“Ileile.”

Jumapili mchungaji alifika, jasho mgongoni, na Musyoka nyuma yake amebeba vikombe vidogo kwenye sahani. Susu alikuwa amevishwa kitambaa cheupe kichwani. Macho yake ndiyo yaliyokuwa bado na nguvu. Wakaimba ubeti mmoja, mchungaji akasoma, kisha akamwashiria Mutunga alete kibuyu.

Hakuhitaji kulivuta gunzi. Alipogusa tu, liliruka likagonga ukuta. Povu likapanda, likashuka shingoni mwa kibuyu hadi mkononi mwake, na harufu ikajaa chumba, harufu ambayo kila mtu mle ndani aliijua tangu utotoni, waliookoka na wasiookoka.

Musyoka aliweka sahani chini.

“Mama Kalunde,” alisema, bila hasira, na ingekuwa afadhali hasira. “Hata leo?”

“Ni juisi,” alisema Ndinda. “Ameikamua mwenyewe Jumanne, nikiona.”

“Naijua harufu ninayoijua, dada.”

Mchungaji alimtazama Mutunga. Wote walimtazama. Ilitosha sentensi moja tu: machungwa niliyakamua mimi. Mutunga, ambaye hakuwahi kukosa neno, alisema, “Ni ileile ya susu. Chupa zilipasuka.”

Susu alikitazama kibuyu cha mumewe. Kisha akainua mikono yake kutoka kwenye blanketi, akaigeuza, akaiangalia upande huu na upande ule.

“Basi ndivyo ilivyo,” alisema. “Mikono hii haikubali.”

“Mwezi ujao nitapita tena,” mchungaji alisema taratibu. “Tutajaribu tena, mama.”

Susu akaificha mikono chini ya blanketi. Alikufa Jumatano, na tangu Jumapili hadi siku hiyo hakukubali kushika mkono wa mtu.

Walimzika kwenye shamba, chini kidogo ya michungwa. Musyoka alikuja kama jirani. Sala iliombwa na mjomba wa Mutunga, kwa kifupi, kwa sababu marehemu hakuwa amerudishwa mezani. Baadaye, chai ikigawiwa chini ya turubai, minong’ono ilianza, ile ya kwamba hata kitandani hakuacha. Ndinda aliisikia, kikombe mkononi. Mutunga akasimama kumtetea nyanya yake, na alisema vizuri, kipaji alikuwa nacho.

“Susu hakutengeneza pombe. Aliikamua kwa mikono safi. Zilikuwa chupa mbili na zote mbili zilipasuka, niliziona kwa macho yangu haya. Kama kuna lawama, ziende kwa kioo.”

Watu wakaguna kwa huruma. Musyoka akainamisha kichwa. Hapo Yakub, aliyekuja na kilo za sukari za rambirambi, akanyanyuka, kofia mkononi, naye akitaka kumsaidia marehemu.

“Kijana anasema kweli kuhusu mikono ya nyanya yake,” alisema. “Mimi juisi ya yule mama niliionja. Ijumaa ya soko, dukani kwangu, Mutunga aliifungua chupa mbele yetu. Haikuwa na kasoro. Tamu, safi, kama ya siku hiyohiyo. Tuliimaliza yote.”

Akaketi, ameridhika.

Ndinda aliweka kikombe chini polepole, akamgeukia mwanawe.

“Ijumaa,” alisema. “Basi ile ya kibuyuni ilikuwa ya nani?”