Tatu Iliyogeuka

Pale shuleni Lundo walimu hubadilishana karatasi za mtihani, mtu asije akapendelea watoto wake. Ndivyo hesabu za darasa la kwanza la Mwalimu Hildegardi zilivyoangukia kwa Mwalimu Pankras, ambaye kalamu yake nyekundu haijui huruma. Mtoto mmoja, Erasmo, akapata mbili kwa kumi. Asiyefikisha tano hukariri darasa, na mama yake alishasema wazi kwamba kama ni kukariri, mtoto ataenda Namswea kwa bibi yake akachunge mbuzi.

Hildegardi aliitazama karatasi, moyo ukamuuma. Namba zilipanda na kushuka kama kuku wanaodonoa. Nne kujumlisha tatu, kaandika saba, ila saba yenyewe imegeuka. Tano kutoa mbili, kaandika tatu, nayo imegeuka. Zote zimekatwa. Akamfuata Pankras ofisini, akamwambia mtoto aliulizwa hesabu, hakuulizwa kuchora.

"Huyu ukimpa, na wengine je?" Pankras akauliza.

Hilo lilikuwa swali la haki, hata kama mwulizaji ana kichwa kigumu. Wakazipitia karatasi zote upya kwa sheria moja: namba iliyogeuka ikieleweka ni ipi, jibu lipewe vema, na kasoro ya mwandiko iandikwe pembeni ili ifundishwe. Erasmo akafika nne.

Ikabaki tisa kujumlisha nne, ambayo aliandika 31. Hildegardi, mapenzi yamemzidi, akataka kuitia vema. Pankras akaifunika kwa kiganja. Hii haikugeuka, alisema, hii ni namba nyingine kabisa, na mwenzake Lidia kaandika hivyohivyo. Hapo alisema kweli. Wakakubaliana kuwaita watoto wote wawili, mmoja mmoja, bila kuwadokezea kitu.

Lidia alisoma jibu lake bila kusita: thelathini na moja. Kosa likabaki kosa, ingawa yeye alishafaulu. Kisha akaingia Erasmo, akawaamkia, akasimama amekumbatia mikono.

"Nisomee ulichoandika hapa," Hildegardi akamwambia.

"Kumi na tatu."

Pankras akamsukumia vizibo vya soda. Mtoto akahesabu tisa, akaongeza vinne, akatenga kumi upande mmoja, vikabaki vitatu. Pankras mwenyewe akatia vema, na pembeni akaandika kwamba afundishwe nafasi ya makumi na mamoja. Tano. Mbuzi wa Namswea watafute mchungaji mwingine. Hildegardi aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Erasmo hakuwa na habari. Kidole chake kilikuwa kwenye nane kujumlisha tatu, alipoandika 10.

"Na hii, mwalimu?"

"Hiyo umekosa, baba. Itabaki hivyo," Hildegardi akamjibu.

Akavivuta tena vizibo, akahesabu, akaomba penseli. Akaandika 11 taratibu, ulimi nje. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akiichunguza.

"Hii haiwezi kugeuka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akacheka.