Posho ya Nyumba ya Herman

Ajali ilipotokea, kampuni ya pamba ilianza kwa kuchukua Landrova. Kisha wakaja watu wawili wakang'oa simu ukutani. Zipora aliwaacha wachukue, maana kitu alichokiogopa kilikuwa bado hakijaguswa: paa juu ya vichwa vya watoto wake wanne. Mumewe, Herman, fundi mkuu wa kinu cha kuchambulia pamba, alikuwa ametoka hospitali ya Kolandoto bila mkono wa kulia, uliokatwa na mashine. Nao waliishi nyumba ya kupanga, wakilipa kodi kwa posho iliyokuja kila mwezi pamoja na mshahara.

Siku moja kabla ya kwenda Idara ya Kazi, Marselino, mhasibu wa kampuni, alipiga hodi.

"Mama Mageni, kesho afisa atapiga hesabu ya fidia kwa mapato ya mzee. Mwambie posho ya nyumba bado mnaipata."

"Si mmeshamwachisha kazi?"

"Tunawahurumia, posho tunaendelea kuwalipa. Ila ukileta maneno, posho inakatika na mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine. Masika haya utawapeleka wapi watoto?"

Alipoondoka, Zipora akarudi ndani. Hakumwambia Herman.

Kesho yake, mjini Shinyanga, walikaa pamoja na Marselino mbele ya afisa kazi, Bwana Gregory. Herman akaanza kwa kujigamba.

"Andika na Landrova. Nilikuwa nayo mpaka nyumbani."

"Ukienda nayo wapi?"

"Vituo vya kununulia pamba vya Kishapu, kukagua mizani."

"Na simu?"

"Mashine ikikwama wananiita."

"Hivyo ni vyombo vya kazi, mzee. Si mapato yako, havimo. Posho ya nyumba je?"

"Wanaendelea kulipwa," Marselino alidakia. "Muulize mama."

Gregory akamgeukia Zipora. "Posho ya kila mwezi ni sehemu ya mapato, kama ajali imewanyang'anya. Kama bado mnaipata, hamjaipoteza, siihesabu. Mnaipata?"

Hapo ndipo Zipora alipouona mtego. Akikubali, posho haitaingia kwenye fidia, na fidia ikishapitishwa wataikata. Akikataa, wataikata leo.

"Tunaipata mpaka hesabu yako iishe," alisema. "Jana huyu mhasibu alikuja kuniambia nikisema vinginevyo inakatika."

"Mama Mageni!" Marselino alifoka.

"Nyamaza, nimeulizwa mimi."

Gregory akamtazama Marselino. "Huyu bado mfanyakazi wenu?"

"Tumemwachisha."

"Kwa sababu ya mkono?"

Marselino akakohoa. "Ndiyo."

"Basi mnamlipa posho ya kazi ipi?" Akachukua kalamu. "Posho imo."

Nje, Marselino aliwapita kwa hatua za haraka. "Leo hii ninamwambia mwenye nyumba posho imekatika," alisema bila kugeuka.

Herman akamgeukia mkewe. "Fidia yenyewe haijatoka, Zipora. Tutalala wapi?"

"Sijui," alijibu. Akamshika mkono uliobaki. "Twende tukafunge vyombo kabla mvua haijaanza."