Mbuzi wa Nne

Video ilikuwa imefutika, na bila hiyo video mbuzi wa nne hakuwako. Ilunga aliipindua simu yake, akaitikisa kama mtu anayetafuta kokoto ndani ya kiatu, akaigonga juu ya goti. Skrini ilibaki vile vile. Mahali palipokuwa na video palikuwa na duara dogo na maneno ya kusema kwamba imekwisha kufunguliwa. Aligusa mara ishirini. Hakuna kilichofunguka.

Mbuzi hao walikuwa wa mahari ya mwanawe David. Nyumba ya Elodie, mchumba wake, kule Nyunzu, ilikuwa imetaka mbuzi wanne: mmoja wa baba, mmoja wa mama, mmoja wa shangazi, na beberu wa mjomba. Beberu wa mjomba hana mchezo. Asipofika, mjomba hafungui kinywa kanisani, na asipofungua kinywa, binti hatoki. Ilunga alikuwa fundi wa kulehemu pale bandarini Kalemie na hakupata ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo alimtuma Chérubin, mtoto wa mdogo wake, kupeleka wanyama. Karatasi ya kupokelea walitaka kuandika, lakini Célestin, huyo mjomba mwenyewe, alicheka.

"Karatasi ya nini? Siye tumekuwa bamoja. Mtoto apige video, inatosha."

Chérubin alipiga. Célestin alisimama mbele ya simu, akawashika mbuzi mmoja mmoja kwa masikio, akahesabu kwa sauti, akamalizia na beberu mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika: "Wa nne, wangu, nimemupokea." Siku hiyo hiyo video iliingia kwenye kikundi cha familia. Ilunga aliitazama, mkewe Mama Elisabeth aliitazama, binti yao Emmanuella aliitazama. Wote walifurahi. Wote walifunga simu.

Wiki iliyofuata habari ilikuja kutoka Nyunzu kwamba mbuzi waliofika ni watatu.

Ilunga alimpigia Chérubin mbele ya mlango, majirani wote wakisikia.

"Video iko wapi?"

"Nilituma, Papa Mukubwa. Kwenye kikundi."

"Imekufa! Naigusa, haifunguki!"

"Eh, nilituma ile ya kuona mara moja. Ile ya namba moja."

"Mara moja kwa nini? Tuko kwenye sinema?"

Chérubin akasema, kwa sauti ya mtu aliyekasirika pia lakini hana ruhusa ya kukasirika: "Njo weye mwenyewe ulisema, Papa Mukubwa. Siku ya Noeli. Nilituma video za kwaya, ukanitukana mbele ya kikundi kizima, ukasema najaza simu yako, nikituma tena utanitoa. Nikasema basi, hii wataona na itajifuta, simu ya muzee haitajaa."

"Na kwako imebaki?"

"Haikubaki. Simu yangu pia ilikuwa imejaa. Nilipigia ndani ya WhatsApp moja kwa moja, sikupigia na kamera ya simu. Nimetafuta kwenye galeri, hakuna."

"Mupumbavu!" Ilunga alikata simu. Alijua kabisa kwamba maneno ya Noeli yalikuwa yake. Hilo ndilo lilimpandisha zaidi.

Alikwenda kwa Rubens, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Rubens hajawahi kusema neno "siwezi" mbele ya mteja. Aliweka ndani ya simu programu ya kufufua, akasema muzee akae kidogo. Programu ilifufua picha za mpira, picha ya kisahani cha wali, na matangazo ya mkopo ambayo tangu siku hiyo yaliruka kwenye skrini kila Ilunga alipotaka kutazama saa. Video haikuonekana. Rubens akasema labda alete na kebo nyingine.

"Lete na kebo ya mama yako," alisema Ilunga, akaondoka.

Nyumbani Emmanuella alimwambia asipoteze tena miguu yake. Alikuwa anasafisha ndagaa uani, na hakuinua kichwa.

"Papa, ile haikuingia kwenye galeri hata siku moja. Ukiifungua unaiona, ukiifunga simu inaifuta yenyewe. Hata kupiga picha ya skrini inakataa. Haiingii kwenye akiba ya simu. Na wenye WhatsApp hawana kopi ya kutupa, wao walipitisha bahasha iliyofungwa, hawakuona ndani. Rubens atafufua kitu gani? Hakuna maiti."

"Kwa hiyo imekwisha."

"Kwetu siye tuliofungua, imekwisha. Ungeniuliza kabla ya kufungua, ningechukua simu nyingine nipige video ya skrini yako. Au ungemwambia Chérubin papo hapo aipige upya na kuituma bila ile namba, wakati mbuzi bado wako mbele yake." Kisha akaacha ndagaa. "Lakini David hajafungua."

Ilunga alimwangalia.

"Yuko kwenye kikundi, na kila mtu wa kikundi anafungua ya kwake. Tangu wiki jana yuko kule machimbo nyuma ya Manono, hana rezo, simu haishiki kitu. Siku ya Mungu hii njo atapanda mlima mara ya kwanza kutafuta rezo. Isipofunguliwa inakaa wiki mbili, halafu inakufa yenyewe. Siku hiyo itakuwa ingali hai. Lakini asiifungue peke yake! Aazime simu ya mwenzake, aweke hii mbele ya ile, aanze kupiga, halafu njo afungue. Ikiisha, imebaki kwenye simu ya pili, anatutumia ya kawaida. Niachie miye nizungumze naye. Weye usiguse."

"Nimesikia."

"Papa, usiguse."

"Nimesikia, nimesema!"

Mama Elisabeth, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, alisema tu: "Huyu, kusikia ni kitu kimoja, kufanya ni kingine."

Jumapili, siku hiyo ya Mungu, baada ya misa, Célestin alifika mwenyewe. Alikuwa ameshuka Kalemie kwa shughuli zake, amevaa suti ya rangi ya udongo na viatu vilivyong'aa, na alikaa kwenye kiti kizuri cha nyumba kama mtu aliyekuja kudai, maana alikuja kudai. Emmanuella alikaa karibu na mlango na simu yake mkononi, anampigia David, hampati, anapiga tena.

"Papa Ilunga," alisema Célestin, "sikuja kugombana. Mbuzi watatu wazuri. Wa nne nangojea."

"Wa nne ulimushika masikio! Mwekundu, pembe imevunjika! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Uliniona wapi?"

"Kwenye video!"

"Ah, video." Célestin alifungua mikono. "Nionyeshe. Nikijiona, naomba musamaha nakwenda zangu. Mara ya kwanza mulisema iko. Mara ya pili mulisema imejifuta. Sasa ni video ya mizimu? Inatokea ukiiwashia mushumaa?"

Mama Elisabeth alisema, "Papa Célestin, tuheshimiane."

"Mama, naheshimu. Lakini mutu anayetaka mwanamuke na hana beberu, aseme hana. Si aibu. Bandari hailipi vizuri, siye wote tunajua."

Hapo hapo simu ya Ilunga, siyo ya Emmanuella, ililia. David. Ilunga aliweka sauti kubwa ili mgeni asikie.

"Papa! Nimepanda mulimani, rezo imeingia sasa hivi. Muko wazima?"

"David! Kwenye kikundi kuna video ya Chérubin?"

"Ngoja... iko. Ile ya kuona mara moja."

Emmanuella alikuwa amesimama. "Papa, mwambie kwanza..."

"Nyamaza!"

"Papa, simu ya pili, mwambie..."

"Nimesema nyamaza! Mutu ananitukana ndani ya nyumba yangu! David, fungua! Fungua sasa hivi uone ni nani mwizi!"

"Sawa, Papa. Nakata, nakupigia."

Simu ilikatika. Emmanuella aliishambulia simu yake kwa vidole kama mwendawazimu, akaandika "USIFUNGUE", akatuma, akapiga, akapiga tena. Laini ililia mpaka mwisho bila kujibiwa. Célestin alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu afike, mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika.

Simu ya Ilunga ikalia tena.

"Papa, nimeona!" David alikuwa anacheka kwa hasira. "Wanne! Anawahesabu mwenyewe! Beberu mwekundu, anamushika masikio, anasema wangu, nimemupokea! Huyu muzee ni mwongo!"

"Umesikia?" Ilunga aligonga meza. "Umesikia, Célestin? David, tuma! Tuma hapa sasa!"

"Papa, imejifunga. Sasa inasema imefunguliwa. Haiguswi tena."

Célestin aliacha kutikisa mguu, akarekebisha koti lake.

"Kijana ameona," alisema taratibu. "Bwana arusi ameona mbuzi wa baba yake. Ningeshangaa asimuone." Akasimama. "Mama, asante kwa maji. Beberu akifika Nyunzu, nitafungua kinywa."

Ilunga alimfuata mpaka barabarani akimtukana, majirani wakatoka kuangalia, na Célestin hakugeuka hata mara moja. Aliporudi uani, Emmanuella alikuwa amekaa pale pale.

"Nilikuambia simu mbili," alisema.

"Kwa nini hukupiga kelele zaidi?"

"Ulisema ninyamaze, Papa."

Ilunga alitafuta kitu cha kutupa. Kilichokuwa karibu kilikuwa simu. Aliishika juu, akaikumbuka bei yake, akaishusha, na kuishusha huko kulimuuma kuliko matusi yote ya Célestin. Akaomba ushauri, kwa njia yake.

"Sasa nini? Sema! Kinywa chako kiko wapi sasa?"

"Hakuna mwingine aliyebaki na ile video. Waliokuwa pale ni Chérubin na watu wa Célestin. Chérubin ni wa kwetu, hawatamuamini. Wao ni wa kwake, hawatasema. Beberu mwekundu hatuna. Peleka mwingine. Na safari hii Chérubin apige na kamera ya simu, abaki nayo, halafu atume bila namba."

"Chérubin hataki kwenda tena," alisema Mama Elisabeth. "Ametoka kwenye kikundi asubuhi. Ulimwita mupumbavu, majirani wote wakasikia."

Ilunga hakumpigia Chérubin kumwomba msamaha. Alipeleka beberu wa pili kwa mtu mwingine, kwenye kamioni ya mizigo, na mtu huyo alipiga video mbili na kuandika karatasi. Célestin alitia sahihi akitabasamu. Kati ya miguu ya wasichana waliokuwa wanacheza nyuma yake, kwenye video, alionekana beberu mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, amefungwa kwenye mti, anakula maganda ya muhogo. Ilunga alimuonyesha kila mtu aliyefika bandarini. Wote walikubali kwamba ni yeye. Hakuna aliyejua wafanye nini, kwani karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa: beberu mmoja, amepokelewa leo. Yule mwekundu, Célestin angesema ni wake wa siku zote.

Hesabu ni hii. Beberu mmoja zaidi, mkubwa kuliko wa kwanza, pamoja na nafasi yake kwenye kamioni na chakula cha mtu aliyemshika kamba. Arusi ilitoka Januari ikasogea mpaka baada ya Pasaka, na ukumbi wa parokia uliokuwa umeahidiwa ulipewa watu wengine. David alipoteza ruhusa yake ya arusi, akabaki shimoni bila mke. Chérubin hapiti tena kwenye uwanja wa baba yake mkubwa, hata Noeli.