Titus Ameinua Mikono

Kaka yangu Morris ni mtu wa kusikia nusu. Daktari akimwambia anywe dawa mara mbili kwa siku baada ya kula, yeye anakwenda kula. Kwa kipaji hicho watu wa Voi wakaona hakuna anayefaa zaidi yake kuifundisha Mkonge FC, na kweli, wachezaji wake wamemfuata mwalimu wao kwa uaminifu mkubwa.

Mimi ni Wakesho, mdogo wake, na Jumamosi hushika kibendera pembeni mwa uwanja. Ni kazi nzuri kwa mtu anayependa kutukanwa na watu asiowajua. Nimeifanya miaka sita katika ligi ya kaunti, na mwaka jana nilipimwa ili nipandishwe daraja, nikaanguka. Nilianguka kwa sababu ya haraka. Mshambuliaji alikuwa ameotea, akaanza kuufuata mpira, nami nikainua kibendera kabla hajaugusa. Kumbe mwenzake, ambaye hakuwa ameotea, alitoka nyuma akauchukua yeye na kufunga. Bao halali likafa mkononi mwangu. Mzee Mulei, mkaguzi wa marefa, aliandika maneno mawili kwenye fomu yangu: "Ana haraka." Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwangu kujaribu, maana nina miaka thelathini na minne na magoti yangu nayo yana maoni yao. Mulei angekuja kunipima siku ya mechi ya mwisho ya ligi, na mechi yenyewe ilikuwa Mkonge dhidi ya Salaita United kutoka Taveta.

Niliwaambia wakubwa wa chama cha mpira kwamba kocha wa Mkonge ni kaka yangu. Wakasema katika kaunti hii ukitafuta refa asiye na ndugu uwanjani, utachezesha mechi na mbuzi.

Wiki moja kabla, chama kilinituma kuwafundisha makocha sheria ya kuotea. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nilipanga chupa za soda mezani.

"Mchezaji ameotea," nikasema, "kama yuko nusu ya uwanja wa wapinzani, na kichwa, mwili au mguu wake uko karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira, na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kwa kawaida ni kipa. Mikono haihesabiwi. Akiwa sawasawa na huyo wa pili, hajaotea. Na tunaangalia pale mwenzake anapoucheza mpira, si pale unapomfikia."

"Na kwa kona?" akauliza mmoja.

"Ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwa kona, wa kurusha au golikiki, hakuna kuotea."

Morris alikuwa anakuna sikio kwa kalamu, jambo ambalo lilieleza mengi.

"Sasa sikilizeni hapa," nikaendelea. "Kusimama mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuingilia mchezo. Ukiugusa mpira uliotoka kwa mwenzako, umeingilia. Ukimziba kipa asione, umeingilia hata kama hukugusa kitu. Ukigombania mpira na beki, umeingilia. Mpira ukigonga mwamba au ukiokolewa na kipa ukakurudia nawe ulikuwa umeotea, umenufaika, ni kosa. Lakini ukiwa kando, humzuii mtu, huufuati mpira, mchezo unaendelea. Wengine huinua mikono kuonyesha kwamba hawachezi..."

Hapo ndipo Morris alipoinamia daftari lake. Niliona kwa macho yangu alichoandika, kwa herufi kubwa: MIKONO JUU. Akapigia mstari, akafunga daftari.

"...lakini mikono yenyewe haibadilishi kitu," nikamalizia. Morris alikuwa amekwishaanza kutafuta kofia yake.

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi jekundu la Voi kwenye meno ya kila mtu bila ubaguzi. Mzee Mulei alikaa chini ya hema, fomu kwenye paja, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mkonge walihitaji sare tu wachukue kombe. Salaita walihitaji kushinda. Mimi nilihitaji kutokuwa na haraka.

Salaita walifunga mapema. Dakika ya thelathini, kiungo wa Mkonge akapiga shuti kutoka nje ya boksi. Titus, straika wao mwenye jezi namba tisa, alikuwa ameotea, hatua mbili nzima, lakini alikuwa upande wa mbali. Akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekutana na ndovu, akarudi nyuma. Kipa aliuona mpira tangu unapigwa, akajirusha, akaukosa. Bao.

Mkono wangu ulitaka kupanda. Nawaambia ukweli, uliwasha. Nikajiuliza: ameugusa? Hapana. Amemziba kipa? Hapana. Amemsumbua mtu? Hata inzi. Nikakimbia kuelekea mstari wa kati, kibendera chini, ishara kwamba bao ni halali. Salaita walinizunguka kwa maneno ambayo mama zao hawayajui. Refa wa kati, Donald, akawafukuza. Kule chini ya hema Mulei akaandika kitu.

Na Morris? Morris alikuwa anaruka kwenye mstari akipiga kelele, "Mnaona? Mikono juu! Nilisema!"

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Morris lilikuwa limeshazikwa. Mapumziko alikusanya vijana wake, nikamwona akiwafundisha kuinua mikono, wote kumi na mmoja, pamoja na kipa. Sikuweza kwenda kumsahihisha. Mshika kibendera hatoi darasa kwa timu moja katikati ya mechi, hasa timu ya kaka yake.

Kipindi cha pili Salaita walipata bao tena. Mbili moja. Dakika za mwisho zilipofika, Mkonge wakapata frikiki nje kidogo ya boksi. Salaita wakajenga ukuta. Ndipo nikamwona Titus akizunguka ukuta taratibu, akawapita mabeki wote, akaenda kusimama hatua mbili mbele ya kipa, katikati kabisa, kati yake na mpira. Akampa kipa mgongo. Titus ana mgongo wa kubeba gunia la mkonge. Kisha, kwa unyenyekevu mkubwa, akainua mikono yote miwili.

Kipa akachungulia kushoto. Akachungulia kulia. Mpira ukapigwa, ukapita juu ya ukuta, ukapita pembeni mwa bega la Titus bila kumgusa, ukaingia. Kipa alikuwa bado anachungulia.

Uwanja ulilipuka. Watu walimwagika hadi kwenye mstari. Nami nilisimama palepale nilipokuwa, sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho, sikukimbia kwenda kati. Kibendera hakikuhitaji kupanda bado. Ukisimama hivyo, refa anajua una neno. Donald akaja.

"Niambie," akasema.

"Namba tisa ameotea. Beki wa karibu yuko hatua nne mbele yake. Hakugusa."

"Mimi niliona kipa anachungulia. Alikuwa kwenye macho yake?"

Huku nyuma yangu nilisikia sauti ya Morris. "Wakesho! Mdogo wangu! Sare tu!"

Nilimpenda kaka yangu wakati huo kuliko siku nyingine yoyote, na nilitamani ardhi immeze. Yeye ndiye aliyenilipia nauli ya kozi ya kwanza ya urefa. Nikavuta pumzi.

"Katikati ya macho yake," nikasema. "Kipa hakuona mpira ukipigwa."

Donald akapuliza, akainua mkono mmoja juu: frikiki isiyo ya moja kwa moja, kwa Salaita, pale Titus aliposimama. Titus bado alikuwa ameinua mikono. Nadhani alingoja mtu amwambie aishushe.

"Madam, sijagusa!" akalia. "Nimeinua mikono!"

Mechi ikaisha mbili moja. Kombe likapanda gari la Taveta.

Morris alifika kwenye hema kabla jasho langu halijakauka. Alikuwa na rufaa, na alikuwa na ushahidi. Nyuma yake alikuja Wendy, katibu wa timu, ambaye wakati wa frikiki alikuwa nyuma ya wavu akirekodi kwa simu.

"Mzee Mulei," Morris akasema, bila kunitazama, "nasikitika kusema, lakini refa wako ameua bao mbili katika maisha yake, na zote ni halali. Titus hajagusa mpira. Video iko. Wewe mwenyewe utaona, halafu uandike kwenye hiyo fomu yako."

Mulei akainua kofia, akaniangalia. "Una la kusema?"

"Nimesema kwa refa," nikajibu. Fomu ilikuwa pale kwenye paja lake, na sehemu ya maoni ilikuwa bado tupu.

"Basi tuone," akasema.

Wendy akashika simu katikati yetu. Alikuwa amesimama nyuma ya kipa kabisa, kwa hiyo kioo kilionyesha alichokuwa anaona kipa. Mgongo wa kipa. Mbele yake, mgongo wa Titus, namba tisa kubwa, na mikono miwili juu. Kipa akainamia kushoto, akainamia kulia. Ikasikika filimbi. Ikasikika buti. Halafu ghafla wavu ukatikisika, watu wakapiga mayowe.

"Mnaona hajagusa?" Morris akasema. Kisha akakunja uso. "Wendy, rudisha nyuma."

Wendy akarudisha. Titus. Mikono. Buti. Wavu.

"Rudisha tena." Morris akaisogeza simu karibu na pua. "Lakini mpira uko wapi?"

Mulei alikohoa, akatoa kalamu, akaandika maneno machache kwenye ile sehemu tupu, wala hakuyaficha kwa mkono: "Anajua kungoja. Apandishwe." Akakunja fomu, akaaga, akaondoka na Wendy wakitafuta chai.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimemwandalia Morris matusi ya mwaka mzima, ya Kidawida na ya Kiswahili, yamepangwa kwa ukubwa. Yeye akatoa daftari lake mfukoni, akalifungua pale palipoandikwa MIKONO JUU, akaniomba kalamu. Mbali na ile sare, hakuwahi kuniomba kitu uwanjani tangu tuwe watoto.

"Wakesho," akasema polepole, "ile sentensi yako siku ile, ilimalizika vipi?"

Nikavuta kiti, nikamwambia.